Msiseme bafle ni mbovu: aliyejaza kadi ndiye wa kuulizwa

BUNIA. Kwenye kambi moja ya wahami pembeni ya mji, bafle ndogo nyekundu imefungwa kwa kamba juu ya mti, karibu na bomba la maji. Iliwekwa pale ili akina mama wanaopanga bidoni wasikie namna ya kujikinga na kipindupindu, na namna ya kutengeneza maji ya sukari na chumvi kwa mtoto anayehara. Ndani yake kuna kadi ya memori yenye mafundisho tisa. Yalipashwa kutoka moja baada ya lingine, kuanzia la kwanza mpaka la tisa.

Akina mama walisikia manne tu. Tena hayo manne yalitoka ovyo. La nane lilitangulia, likafuata la sita, halafu la tatu, mwisho la tisa. Mengine matano hayakusikika hata siku moja. Wakaaji wa kambi walipouliza, walijibiwa kwamba bafle hizi za bei ndogo ni mbovu, na kwamba watu wa kambi wanabonyeza vifungo bila kujua.

Majibu hayo yote mawili si ya kweli, na yanapashwa kukataliwa. Bafle ilifanya kazi yake sawasawa. Mama aliyebonyeza kifungo hakuharibu kitu. Kosa lilifanyika mjini, juu ya meza ya yule aliyejaza kadi, kabla kadi haijafika kambini.

Na kosa hilo si dogo. Fundisho la tano lilikuwa linasema: chukua lita moja ya maji safi, weka vijiko sita vidogo vya sukari, vilivyosawazishwa. Fundisho la sita lilikuwa linaendelea: ongeza nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, kisha koroga. Bafle iliruka la tano ikatoa la sita. Mama aliyesikia nusu kijiko cha chumvi bila kusikia lita moja anaweza kuiweka ndani ya kikombe cha robo lita. Hapo chumvi inakuwa mara nne ya ile inayotakiwa, na inamdhuru mtoto ambaye tayari mwili wake umekauka. Kwa hiyo hili si jambo la muziki kukatika kwenye sherehe. Ni jambo la mtoto.

Kwa nini bafle iliruka mafundisho matano

Kadi ile ilipotolewa na kufunguliwa kwenye kompyuta, sababu ilionekana kwa dakika moja. Faili zote tisa zilikuwa mle, hakuna iliyopotea. Lakini mikia ya majina yao haikuwa sawa. Nne zilikuwa na mkia wa `.mp3`. Tatu zilikuwa na mkia wa `.m4a`. Mbili zilizobaki zilikuwa na mkia wa `.opus`.

Mkia huo unaonyesha namna sauti ilivyofungwa. Simu kubwa inajua kufungua mafungo mengi, kwa sababu ina programu nyingi ndani. Bafle ya sokoni ina kichipu kimoja kidogo ambacho kilifundishwa kufungua machache. Karibu bafle zote zinafungua MP3, na nyingi zinafungua WAV pia. Baadhi zinafungua WMA au FLAC. Lakini `.m4a`, ambayo rekoda za simu nyingi zinatoa, inakataliwa na bafle nyingi. Ile `.amr` ya simu za zamani, na ile `.opus` ya sauti zinazotumwa kwa WhatsApp, ndizo zinazokataliwa zaidi.

Ubaya wa bafle hizi ni kwamba hazisemi kitu. Simu ikishindwa kufungua faili inaandika ujumbe kwenye kioo. Bafle haina kioo. Ikikutana na faili isiyoijua inaipita kimya kimya na kwenda kwa ile inayofuata. Anayesikiliza hajui kwamba kuna kitu kimepitwa. Hivyo ndivyo matatu ya simu na mawili ya WhatsApp yalivyopotea kambini, huku yakiwa salama kabisa ndani ya kadi.

Kuna vijana wanaojaza kadi ambao wakiona tatizo hili wanabadilisha jina tu. Wanafuta `.opus` na kuandika `.mp3`. Hiyo ni kama kubandika karatasi ya sukari juu ya gunia la chumvi: jina linabadilika, kilichomo kinabaki. Kuna bafle zitakazoiruka tena faili hiyo, na kuna zitakazokwama juu yake mpaka zizimwe. Sauti inapashwa kugeuzwa yenyewe. Programu ya bure inayoitwa Audacity inafungua faili nyingi na kuzitoa tena kwa MP3, ingawa kwa `.m4a` na `.opus` mara nyingi inahitaji kuongezewa FFmpeg. Anayejua kuandika amri kwenye kompyuta yenye FFmpeg anaweza kugeuza fundisho moja kwa mstari mmoja:

```
ffmpeg -i tano.opus -ac 1 -ar 44100 -b:a 64k 05.mp3
```

Mstari huo unatoa sauti ya njia moja, kwa uzito unaotosha maneno ya mtu. Dakika moja inachukua kama nusu megabaiti. Fundisho la dakika tatu halifiki megabaiti mbili. Basi mtu asiseme kwamba kugeuza kunajaza kadi. Kadi ndogo ya giga 2 inabeba zaidi ya saa 60 za mafundisho ya namna hiyo.

Kwa nini la nane lilitangulia

Tatizo la pili lilikuwa mpangilio. Hapa ndipo hata watu waliosoma wanapodanganyika, kwa sababu kwenye kompyuta faili zilionekana zimepangwa vizuri: 01, 02, 03, mpaka 09. Aliyejaza kadi alitazama kioo, akaridhika, akaitoa.

Lakini kompyuta inapanga majina kwa ajili ya macho ya mtu. Bafle nyingi hazipangi majina. Zinasoma orodha iliyo ndani ya kadi jinsi ilivyoandikwa. Faili iliyonakiliwa kwanza inapigwa kwanza, iliyonakiliwa mwisho inapigwa mwisho. Aliyejaza kadi ile alikuwa anapokea mafundisho kidogo kidogo kutoka kwa watu mbalimbali. La nane lilimfikia asubuhi, akalinakili. La sita likaja baadaye. Aliandika namba kwenye majina mwishoni kabisa, lakini faili zilikuwa zimekwisha kukaa mahali pao. Kubadilisha jina hakupangi faili kwa namba katika orodha hiyo.

Dawa yake haihitaji fedha. Panga mafundisho yote kwanza ndani ya kompyuta, yote yakiwa MP3, yenye namba za tarakimu mbili mwanzoni mwa jina. Kisha futa kadi kwa kuiformata, ili orodha ya zamani iondoke. Halafu nakili moja moja: 01, ngoja iishe, 02, ngoja iishe, mpaka 09. Usizikamate zote kwa pamoja na kuzivuta, kwani kompyuta inaweza kuanza na ile uliyoishika kwa kidole. Mwisho, toa kadi kwa kuaga kompyuta kwanza, yaani kubonyeza pale pa kuondoa kifaa. Anayeichomoa ghafla anaweza kuacha faili ya mwisho ikiwa nusu.

Zile namba za tarakimu mbili zina faida yake pia. Kuna bafle chache ambazo kweli zinapanga kwa majina. Hizo zikikuta 1, 2 na 10, nyingine zinaweza kuiweka 10 kabla ya 2. Ukiandika 01, 02 na 10, bafle ya namna yoyote itakwenda sawa.

Dosie za muziki zinazofunika mafundisho

Baada ya malalamiko, kadi ya pili ililetwa kambini. Safari hii mafundisho yote yalikuwa MP3 na yalifuatana vizuri. Lakini aliyejaza aliona afadhali kuwapendeza watu, akaongeza dosie ya muziki yenye nyimbo 300. Mafundisho akayafunga ndani ya dosie yake, na dosie hiyo akaitia ndani ya nyingine. Alifikiri mtu atachagua dosie kama kwenye simu.

Mama wa bombani atachagua dosie wapi? Bafle haina kioo. Kwa bafle nyingi dosie ni kama hazipo: zote zinaunganishwa kuwa mstari mmoja mrefu. Kwanza zinatoka faili zilizo nje ya dosie, kisha dosie iliyonakiliwa kwanza, kisha inayofuata. Dosie ya muziki ilitangulia. Ili kufikia fundisho la kwanza, ingebidi kubonyeza kifungo cha kwenda mbele mara 300. Watu walicheza rumba wiki nzima, na mwenye kutoa kadi akaandika katika ripoti yake kwamba bafle inasikilizwa sana. Ilisikilizwa kweli, lakini kipindupindu hakikutajwa.

Kosa hapa si kupenda muziki. Watu waliokimbia vita wana haki ya muziki kama watu wengine, na bafle inayotoa mafundisho pekee mchana kutwa itazimwa. Lakini anayetaka kuchanganya anapashwa kuchanganya kwa akili. Njia rahisi ni kutotengeneza dosie hata moja. Nakili fundisho, halafu wimbo, halafu fundisho linalofuata, halafu wimbo mwingine, vyote pamoja nje, kwa namba zinazofuatana. Lakini mafundisho mawili yanayotegemeana, kama lile la maji na sukari na lile la chumvi, yasitenganishwe kabisa. Tena bora zaidi yawe faili moja. Kama tano na sita zingerekodiwa pamoja, hakuna bafle ambayo ingeweza kutoa chumvi bila maji.

Kile kifungo kinachofanya kazi mbili

Sasa turudi kwa wale wanaodai kwamba akina mama wanabonyeza ovyo. Watazame kwanza kifungo chenyewe. Kwenye bafle nyingi ndogo, kifungo kimoja kina alama ya kujumlisha na alama ya kwenda mbele kwa pamoja. Ukikibonyeza na kuachia haraka, kinaruka kwenda kwa faili inayofuata. Ukikishikilia, kinaongeza sauti. Kwenye bafle za watengenezaji wengine ni kinyume: kubonyeza kidogo ni sauti, kushikilia ni kuruka.

Mama anasimama bombani, watoto wanapiga makelele, anataka kusikia vizuri. Anabonyeza alama ya kujumlisha, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Fundisho linakatika, lingine linaanza katikati ya mstari. Je, huyo ndiye mjinga? Hakuna aliyemwonyesha. Ilitosha kuwaonyesha watu wawili wa kila kartie ya kambi kwa vidole vyao wenyewe: hivi ni kuruka, hivi ni sauti, na ukiruka kwa bahati mbaya bonyeza cha kurudi nyuma. Kwenye bafle nyingi, kubonyeza mara moja kunarudi kwa faili iliyotangulia, na ukiwa kwa ya kwanza kunakupeleka kwa ya mwisho. Dakika tano za maonyesho zinatosha.

Akina mama wanaweza pia kusaidia kutambua ugonjwa wa bafle kwa masikio tu, kwani kila kosa lina sauti yake. Bafle ikiruka fundisho zima, kila siku lile lile, na kuendelea bila kunyamaza, kosa liko kwa faili, na kadi irudishwe kwa aliyeijaza. Ikikatakata ndani ya fundisho, mara hapa mara pale, kadi imechafuka au haikushika vizuri: izimwe, kadi itolewe, ipanguswe kwa kitambaa kikavu na kurudishwa. Ikinyamaza kabisa, kisha ikatoa ule mlio wake wa salamu na kuanza tena kwa la kwanza, kadi haina kosa. Batri imechoka, na sauti ikiwa kubwa inaizima. Ipunguzwe sauti, ipelekwe kwenye pano ya jua.

Hiyo hali ya mwisho inaeleza jambo jingine ambalo wakaaji wameliona: wanasikia sana fundisho la kwanza na la pili, hawafiki kamwe kwa la tisa. Kuna bafle ambazo zikizimika kabisa zinasahau zilipofikia. Kwa hiyo fundisho lenye kuokoa maisha lisiwekwe mwisho. Liwekwe la kwanza.

Kadi kubwa si zawadi kubwa

Kulikuwa na kadi ya tatu, ya giga 64, na hiyo haikutoa hata neno. Ilikuwa kadi nzima na mpya. Simu iliisoma. Lakini kadi zinazopita giga 32 kwa kawaida zinatoka kiwandani zikiwa na mpangilio unaoitwa exFAT, na bafle nyingi za bei ndogo zinajua FAT32 tu. Kwenye kompyuta ya Windows, ukibonyeza kadi kwa kulia na kufungua sifa zake, jina la mpangilio linaandikwa pale. Kadi ya giga 8 au 16, iliyoformatiwa FAT32, ingetosha mara nyingi kuliko mafundisho yote yaliyopo, tena kwa bei ndogo zaidi. Aliyenunua ile kubwa alinunua namba iliyoandikwa juu ya kadi.

Udhuru ambao haufai kupokelewa

Wanaojaza kadi watasema hawana wakati. Hesabu iko wazi. Mafundisho tisa ya dakika tatu tatu ni dakika 27. Kinachoombwa ni kwamba kadi, kabla ya kutoka mjini, iwekwe ndani ya bafle ya namna ile ile itakayotumika, na mtu aisikilize tangu mwanzo mpaka mwisho, karatasi mkononi, akiweka alama kwa kila fundisho linalotoka. Kusikiliza kwenye simu au kwenye kompyuta si kupima, kwa sababu hizo zinafungua vitu ambavyo bafle haiwezi kufungua. Kadi zile tatu hazikupewa hata hiyo nusu saa.

Watasema pia kwamba redio inatosha. Redio ni ya lazima, na hakuna anayetaka kuiondoa. Lakini kipindi cha redio kinapita mara moja, na mama aliyekuwa anatafuta kuni saa hiyo hakisikii. Kadi inarudia kesho, kesho kutwa, na usiku mtoto anapoanza kuhara. Kwa sababu inarudia, kosa lake nalo linarudia. Mtangazaji akikosea hewani anaomba radhi na kusahihisha. Kadi iliyokosewa inakosea kila siku mpaka mtu aitoe.

Kwa hiyo viongozi wa kambi na kamati za wahami wasipokee tena kadi kama mtu anavyopokea sabuni. Waseme: iweke ndani ya bafle hii hapa, mbele yetu, tusikilize yote. Wahesabu kwa vidole. Kama yalisemwa ni tisa, yatoke tisa, na la tano litoke kabla ya la sita. Yakitoka manane, kadi irudi mjini na aliyeileta.

Kwa kadi ile ya kwanza, kazi yote ya kuirekebisha ilichukua chini ya saa moja: faili tano ziligeuzwa MP3, la tano na la sita likaunganishwa na kuwekwa mbele kabisa, kadi ikaformatiwa, yote yakanakiliwa moja moja. Bafle ni ile ile nyekundu, juu ya mti ule ule. Asubuhi iliyofuata, neno la kwanza lililosikika bombani lilikuwa lita moja ya maji safi.